Ubao wa Viwango na Sefu Iliyo Nyuma Yake

Mtu anayepita mbele ya duka la kubadilisha fedha jijini Nairobi husoma ubao wa viwango kama anavyosoma utabiri wa hali ya hewa. Akiona dola imepanda senti 30 tangu jana, hudhani mwenye duka amenusa jambo, kwamba shilingi inaelekea kuyumba. Mara nyingi mwenye duka hajanusa chochote. Jana jioni alifunga sefu ikiwa na dola chache kuliko anavyopenda, na leo amepandisha bei ili walio nazo wamletee na wanaozitaka wapungue. Ubao huo ni taarifa kuhusu sefu yake kabla ya kuwa taarifa kuhusu soko. Ukishalielewa hilo, mengi katika biashara hii yanajieleza yenyewe, pamoja na hasara zake.

Kenya ilianza kutoa leseni za maduka haya mwaka 1995, baada ya udhibiti wa fedha za kigeni kulegezwa. Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayotoa leseni hizo na kuyakagua maduka. Mwenye leseni anaruhusiwa kununua na kuuza fedha za kigeni. Hapokei amana na hakopeshi. Viwango vyake sharti avibandike mahali mteja anapoviona, na kila mauzo yawe na risiti. Lakini kiwango chenyewe hapangiwi na mtu. Kile Benki Kuu inachotangaza kila siku ni wastani wa jinsi mabenki yalivyouziana, na hapo ndipo anayeanza biashara hii hukosea kwanza: hudhani wastani huo ni bei.

Hauwezi kuwa bei kwa sababu hakuna anayemuuzia kwa wastani huo. Kumbuka hali ilivyokuwa mapema mwaka 2023, dola zilipoadimika Kenya. Takwimu rasmi zilionyesha kiwango kimoja, na mwagizaji mizigo aliyekwenda benki akaambiwa kingine kilicho juu zaidi, tena mara nyingine akaambiwa asubiri. Mwenye duka aliyeuza akitazama takwimu rasmi alimaliza dola zake kwa furaha, kisha akagundua hawezi kuzirudisha kwa pesa alizopata. Kwa hiyo kila asubuhi mtu makini hupiga simu mbili tatu kabla ya kugusa ubao. Anaiuliza benki yake maswali mawili: nikikuletea dola taslimu leo utazinunua kwa ngapi, na nikizitaka utaniuzia kwa ngapi? Halafu anawauliza wenzake wa mitaa ya jirani maswali yaleyale.

Tuchukue mfano wa duka moja la katikati ya jiji, na tarakimu za kubuni zinazokaribiana na hali ya miaka ya 2024 na 2025, dola ilipotulia kwa muda mrefu kwenye shilingi 129 na ushee. Benki inamwambia itanunua kwa 128.70 na kuuza kwa 129.80. Yeye anaandika ubaoni: nanunua 128.50, nauza 130.00. Pengo ni shilingi 1.50.

Wengi hudhani kila dola inayopita mikononi mwake humwachia shilingi hiyo moja na nusu. Ifuatilie njia ya dola uone. Mtalii akileta dola asubuhi, na mchana mama anayesafiri kwenda Dubai kufunga mzigo akaichukua, dola hiyo imetoka kaunta hadi kaunta na imeleta 1.50 nzima. Ikiletwa na mtalii halafu asiwepo wa kuinunua, ikapelekwa benki, imeleta senti 20 tu. Vivyo hivyo, mama yule akija na duka likalazimika kwanza kuchukua dola benki kwa 129.80, faida ni senti 20, na humo toa gharama ya gari na mlinzi. Riziki ya duka imo katika kuwakutanisha wateja wawili ambao hawajuani na hawaji saa moja. Stoki ipo kwa ajili ya kuziba muda ulio kati ya mmoja na mwingine.

Sasa weka gharama mbele yake. Kodi ya chumba chenye dirisha la mtaani, mishahara ya makeshia wawili, mlinzi, bima ya fedha taslimu, ada ya leseni: tuseme shilingi 450,000 kwa mwezi. Kwa siku 25 za kazi, ni 18,000 kwa siku. Kwa pengo la 1.50 anahitaji kununua dola 12,000 na kuuza dola 12,000 kila siku, zote zikikutana kaunta kwa kaunta, ili tu asitoe pesa mfukoni. Ndiyo maana hakuna duka linaloishi kwa dola peke yake, na ndiyo maana pengo haliwezi kubanwa hadi senti 40 kumfurahisha mpita njia.

Tuifuate siku moja ya duka hilo. Asubuhi sefu ina dola 20,000, na kwa wastani zimemgharimu 128.70 kila moja, jumla shilingi 2,574,000. Mchana kutwa ananunua dola 6,000 kwa 128.50, yaani shilingi 771,000. Sasa amezama humo shilingi 3,345,000 kwa dola 26,000, na wastani wake umeshuka hadi 128.65 na kidogo. Siku hiyohiyo anauza dola 9,000 kwa 130.00 na kupokea 1,170,000. Dola hizo 9,000 zilimgharimu kama 1,157,885, hivyo kitabu kinasema amepata faida ya shilingi 12,115. Makeshia wanachekelea.

Lakini bado zimebaki dola 17,000, na kitabu kinazihesabu kuwa na thamani ya 2,187,115. Jioni benki inasema bei yake ya kununua imeshuka hadi 128.30. Zikipelekwa benki dakika hiyo zitaleta 2,181,100. Tofauti ni shilingi 6,015. Faida halisi ya siku, basi, ni shilingi 6,100. Nusu ya ile ya kaunta imeliwa na dola zilizolala sefuni bila kuguswa na mtu. Senti 40 tu zimefanya hivyo, mwendo ambao magazeti hayauandiki.

Hesabu hii ya pili, ya kuthamini upya kilichobaki kwa bei ambayo kweli kingeuzika jioni hiyo, ndiyo inayowatenganisha wenye maduka. Anayeiruka anaweza kuonyesha faida kila siku kwa mwezi mzima huku mtaji unayeyuka. Dalili yake ni rahisi kuijua: daftari la mauzo linasema ameshinda, na bado kila wiki ile pesa aliyokuwa akinunulia dola 20,000 inanunua 19,600.

Kwa hiyo viwango hupangwa vipi siku inapoendelea? Mwenye duka wetu anajua kwa uzoefu kwamba dola 20,000 zinamtosha kwa siku mbili tatu za kawaida. Amejiwekea mipaka: zisishuke chini ya 12,000, zisizidi 28,000. Zikifika 28,000 hapanui pengo. Anasogeza bei zote mbili chini kwa pamoja: nanunua 128.20, nauza 129.70. Mwenye dola za kuuza atashawishika kujaribu dirisha la jirani, na anayezitaka atamwona yeye ni nafuu kuliko benki. Zikishuka hadi 12,000 anasogeza zote mbili juu: nanunua 128.80, nauza 130.30. Pengo linabaki lilelile 1.50, kilichobadilika ni nani anayekaribishwa.

Mpaka wa mchezo huu uko kwenye zile bei mbili za benki. Akiuza chini ya 128.70, mjanja atazinunua kwake na kuvuka barabara kuziuza benki. Akinunua juu ya 129.80, anamlipa mteja zaidi ya ambavyo benki ingemtoza yeye. Kati ya hapo yuko huru. Pengo lenyewe hulipanua kwa sababu nyingine kabisa: asipojua atazirudishaje. Jumamosi mchana mabenki yamefunga na hakuna wa kumpigia simu, hivyo kile anachokinunua atakaa nacho hadi Jumatatu. Wateja hulalamika kwamba maduka huwakamua mwisho wa wiki. Kwa sehemu ni kweli, maana mwenye haraka siku hiyo hana pa kukimbilia, ila sehemu kubwa ya pengo hilo ni malipo ya kulala na hatari siku mbili.

Februari 2024 ni somo ambalo wenye biashara hii Kenya hawatalisahau. Mwaka mzima wa 2023 shilingi ilikuwa ikidhoofika. Machi mwaka huo Rais William Ruto aliwaonya waliokuwa wakificha dola kwamba wangeweza kupata hasara, lakini dola iliendelea kupanda hadi ikagusa shilingi 160 mwezi Januari 2024. Hofu kuu ilikuwa deni la hati fungani la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni. Mtu yeyote aliyeshika dola katika miezi hiyo alionekana mwerevu bila kufanya lolote, na duka lililokuwa limezoea kukaa na dola 20,000 likaona hakuna ubaya kukaa na 50,000. Zilikuwa zinazaa zenyewe.

Tarehe 6 Februari Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Wiki iliyofuata serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya ili kulipa sehemu ya ile ya zamani, na hofu ikakatika ghafla. Ndani ya siku chache dola ilikuwa chini ya 150, kabla mwezi haujaisha ilikuwa karibu 145, na mwisho wa Machi ilikuwa ikizunguka 132.

Chukua duka lenye dola 50,000 zilizonunuliwa kwa wastani wa 158. Zilimgharimu mwenye duka shilingi 7,900,000. Kwa 145 zina thamani ya 7,250,000: hasara ni 650,000. Kwa pengo la 1.50 anahitaji kuzungusha zaidi ya dola 430,000 ili kuifidia. Hiyo ni hasara ya wiki mbili inayodai kazi ya miezi.

Jambo lililowaumiza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wastani wa kitabuni kuliko kuanguka kwenyewe. Siku ya kwanza dola iko 153, na mwenye duka anasema: nimezinunua 158, siuzi kwa hasara, nitangoja irudi. Anaandika 158.50 ubaoni na hakuna anayeingia. Siku ya tatu iko 149 na sasa hasara ni kubwa zaidi, hivyo ana sababu kubwa zaidi ya kungoja. Aliyeelewa biashara aliuza 153 asubuhi ileile, tena alifurahi kuzipata shilingi, kwa sababu wakati huo kila mtu mjini alikuwa akileta dola na kilichoadimika kilikuwa shilingi taslimu. Kwa shilingi hizo aliweza kununua dola zilezile kwa 147 na kuziuza kwa 150. Gharama ya zamani ina kazi yake katika hesabu za kodi na za mwisho wa mwaka. Ubaoni haina kazi, kwa sababu mteja hajui ulinunua kwa ngapi na wala hajali.

Siku za namna ile zinaonyesha pia upande wa stoki ambao husahaulika, nao ni shilingi yenyewe. Duka linaweza kuishiwa na shilingi kama linavyoishiwa na dola. Likiishiwa linashindwa kununua wakati ambapo bei ni nzuri kuliko zote, na linawafukuza wateja wanaoleta bidhaa. Kwa hiyo mipaka ya stoki inaandikwa pande zote: sefu isikose dola, na isikose shilingi za kutosha kununulia za mchana mmoja wenye pilika.

Tuje sasa kwenye sarafu nyingi. Duka la kawaida la Nairobi au Mombasa lina dola, yuro, pauni, dirhamu, riyali ya Saudia, randi, na shilingi za Uganda na Tanzania. Ukimsikiliza mwenye duka akijisifu, atakwambia hajaweka mayai yote kapu moja. Hilo si sahihi hata kidogo. Sarafu zote hizo amezilipia kwa shilingi ya Kenya. Shilingi ikipata nguvu kama ilivyopata Februari ile, zote zinashuka pamoja ukizipima kwa shilingi. Mwenye sarafu nane ana dau moja kubwa na vidau vidogo saba juu yake.

Tena baadhi ya hizo sarafu ni dola iliyobadili nguo. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola moja kwa dirhamu 3.6725 tangu 1997, na riyali ya Saudia kwa 3.75 tangu 1986. Hazicheki wala hazilii peke yake. Sasa mwangalie mwenye duka aliyejiwekea mpaka wa dola 28,000, ana 20,000 sefuni, na analala usingizi. Kando yake kuna dirhamu 40,000 alizoletewa na wafanyabiashara wa Eastleigh, ambazo ni kama dola 10,900, na riyali 30,000 za msimu wa Hija, ambazo ni dola 8,000. Jumla amesimama kwenye dola karibu 38,900. Amevuka mpaka wake kwa zaidi ya theluthi na daftari halijamwambia, kwa kuwa kila sarafu ina ukurasa wake. Dawa ni karatasi moja ya jioni inayogeuza kila kitu kuwa dola na kujumlisha.

Yuro na pauni ni habari nyingine. Bei yake kwa shilingi hupatikana kwa kupitia dola: yuro ikiwa dola 1.16, na dola ikiwa 129.25, yuro ni karibu 149.90. Kwa hiyo inaweza kusogezwa na mambo mawili, yanayotokea Nairobi na yanayotokea Ulaya na Marekani usiku duka limefungwa. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu wateja wake ni wachache, pengo lake ni pana zaidi: 148.40 kununua, 151.40 kuuza. Mwenye duka mwangalifu hakai na yuro nyingi. Zikifika kiasi cha kustahili safari ya benki huziondoa hata kwa faida ndogo, na mtaji ule anaurudisha kwenye dola ambayo itazunguka mara kadhaa kabla yuro haijazunguka mara moja.

Shilingi za majirani zina mtego wa pekee. Nairobi, dola hunukuliwa kwa shilingi ngapi za Kenya kwa dola moja. Shilingi ya Tanzania hunukuliwa kinyume: shilingi ngapi za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Basi mantiki ya ubao inapinduka. Kwenye dola mwenye duka ananunua kwa namba ndogo na kuuza kwa kubwa. Kwenye shilingi ya Tanzania ananunua kwa namba kubwa na kuuza kwa ndogo. Tuseme ananunua 20.50 na kuuza 19.00. Mteja aliyetoka Arusha akiweka shilingi milioni moja mezani anatakiwa kupewa shilingi za Kenya 48,780. Keshia mgeni, aliyezoea dola, akitazama namba ndogo na kugawanya kwa 19.00, atampa 52,631. Shilingi 3,851 zimetoka mlangoni na mteja kashukuru. Kosa hili halionekani kwenye kuhesabu noti jioni ikiwa keshia ameandika risiti kwa kiwango hichohicho, maana kila kitu kinalingana. Linaonekana pale tu mtu anapopitia risiti na kuuliza kwa nini ununuzi mmoja umepita kwa bei ya kuuzia.

Tazama pia pengo lenyewe. Ni 1.50, sawasawa na la dola kwa macho. Lakini kwenye dola ni zaidi kidogo ya asilimia moja, na hapa ni karibu asilimia nane. Msafiri anayeona namba zilezile ubaoni hajui kwamba anatozwa zaidi ya mara sita. Sababu ipo: shilingi za Tanzania hukaa siku nyingi zikimngoja mtu wa kwenda Dar es Salaam, na zisipopata mtu huyo itabidi zisafirishwe hadi Namanga zikatafute soko. Hata hivyo sioni haya kusema kwamba kwenye kona hii baadhi ya maduka huwategemea sana wasiojua kugawanya.

Halafu kuna noti zenyewe, kwa sababu duka halinunui tarakimu, linanunua karatasi. Maduka mengi ya Afrika Mashariki yana bei moja ya dola kwa noti za 100 na 50, na nyingine ya chini kwa noti ndogo. Wageni huona ni uonevu.

"Dada, dola ni dola. Mbona hizi za tano tano unanikata?"

"Kaka, hizi nikizipeleka benki nazo zinakatwa. Na anayesafiri hazitaki, anataka kubwa."

Keshia yuko sahihi. Benki yenye dola taslimu nyingi huzirudisha ng'ambo kwa ndege, na gharama za usafiri, bima na kuhesabu huenda na wingi wa karatasi. Bunda la noti 100 za dola 100 ni dola 10,000. Bunda la unene uleule la noti za dola moja ni dola 100. Noti ndogo zina soko moja zuri tu, watalii na waongozaji wao wanaotaka za bahashishi, na duka lenye akili hutenga mafungu yake hapo. Nyingine hununuliwa kwa bei inayotabiri safari ya benki.

Noti za zamani zinazusha ugomvi zaidi. Marekani haijawahi kufuta noti yake ya dola, ya mwaka wowote, lakini huku dola za matoleo ya zamani hukataliwa au hukatwa bei, kwa hofu ya bandia na kwa kuwa mteja anayefuata naye atazikataa. Hapo sababu ni soko tu, na soko likizikataa haisaidii kwamba sheria ya Marekani inazikubali. Tofauti yake ni noti zilizofutwa kweli. Pauni 20 na 50 za karatasi ziliacha kuwa halali madukani Uingereza tarehe 30 Septemba 2022; mpaka leo mtu anaweza kuzipeleka Benki Kuu ya Uingereza, lakini duka la Moi Avenue halina safari hiyo. Tanzania iliziondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na kutoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Mwenye duka aliyekuwa na kibunda cha zamani chini ya sefu Aprili 6 alikuwa na karatasi. Kwa hiyo jedwali la stoki linaloandika "TZS milioni 3" bila kutaja noti gani ni jedwali lisilokamilika. Linatakiwa kuonyesha kila aina ya noti, ngapi nzima, ngapi zimechanika, ngapi za toleo linaloelekea kuondoka.

Inabaki habari ya bei ya mapatano. Ubao unasema 130.00, lakini mteja anayetaka kununua dola 5,000 halipi 130.00. Ananong'ona na keshia, anapata 129.70. Hilo ni la kawaida na lina maana: mteja mkubwa humaliza stoki kwa risiti moja. Ili kaunta isingoje meneja kila mara, keshia hupewa nafasi, tuseme senti 40 chini ya ubao kwa kuuza na senti 20 juu yake kwa kununua. Na nafasi hiyo ndiyo inayovuja. Mteja asiyejua kupatana analipa 130.00 na kuondoka bila kusoma risiti. Keshia anaandika 129.60 na senti 40 za kila dola zinaingia mfukoni mwake. Sefu ikihesabiwa jioni imetimia mpaka senti ya mwisho.

Kamera haisaidii sana hapa, maana mkono uliopokea pesa ni mkono uleule uliostahili kuzipokea. Kinachosaidia ni kupanga risiti za wiki kwa viwango vyake. Kwenye duka lenye uadilifu utaona mauzo madogo mengi yako kwenye bei ya ubao, na mapatano yako kwenye viasi vikubwa, yametawanyika, hili 129.85, lile 129.70. Ukikuta mauzo ya dola 50 na dola 100 yameegemea yote kwenye 129.60, ukuta wa chini kabisa wa ruhusa, na zamu ni ya mtu mmoja, hakuna mteja wa dola 50 anayepatana vizuri hivyo. Wenye maduka wanaojua hili huweka skrini ndogo inayomwelekea mteja, ionyeshe kiwango kinachoandikwa kabla risiti haijatoka, na huizungusha wenyewe asubuhi wakiikuta imegeukia ukutani.